Kuzirudisha Namba Zilizofupishwa Kwenye Picha ya Slaidi

Slaidi inaonyesha idadi ya watu wa Tanzania, kwa mamilioni, katika sensa za 2002, 2012 na 2022. Mwaka 2022 Tanzania Bara ina 59.9 na Zanzibar ina 1.9. Juu ya nguzo ya jumla pameandikwa 61.7. Ukijumlisha mwenyewe unapata 61.8. Watu laki moja wamekwenda wapi?

Mtu anayetumiwa picha ya namna hii kwenye simu, na anatakiwa kuitumia katika ripoti, somo au habari ya gazeti, kwa kawaida hufanya moja kati ya mambo mawili. Wengine hubadilisha 61.7 iwe 61.8 wakiamini kwamba aliyetengeneza slaidi alikosea hesabu. Wengine hunakili kila kitu kama kilivyo na kuiacha tofauti hiyo bila maelezo. Wote wawili hupoteza kitu chenye thamani, maana ile 0.1 haikutokana na kosa. Imebeba habari kuhusu namba zilizokuwa ndani ya faili kabla hazijafupishwa, na anayejua kuisoma anaweza kuzikaribia namba hizo kuliko lebo yoyote peke yake inavyomruhusu.

Ili tuione kazi hii ikifanyika hatua kwa hatua, nimeitengeneza slaidi ya mfano kutokana na matokeo halisi ya sensa, yaliyotangazwa na Ofisi ya Taifa ya Takwimu kwa kushirikiana na Ofisi ya Mtakwimu Mkuu wa Serikali Zanzibar. Matokeo kamili yapo, kwa hiyo mwishoni tutaweza kuyaweka kando ya kazi yetu na kupima tumekaribia kiasi gani. Kwa sasa tujifanye hatuyajui, na tulicho nacho ni picha ya skrini tu.

Katika picha hiyo kuna nguzo tatu za jumla, kila moja na lebo yake juu, na chini yake kuna jedwali dogo. Picha ilipigwa wakati wa mkutano wa mtandaoni, na kidirisha chenye uso wa msemaji kimefunika lebo ya nguzo ya 2012. Ncha ya nguzo yenyewe bado inaonekana. Tulichosoma ni hiki:

| | 2002 | 2012 | 2022 |
|---|---|---|---|
| Bara (milioni) | 33.5 | 43.6 | 59.9 |
| Zanzibar (milioni) | 1.0 | 1.3 | 1.9 |
| Lebo ya nguzo ya jumla | 34.4 | imefunikwa | 61.7 |
| Sehemu ya Zanzibar | 2.9% | 2.9% | 3.1% |

Kwanza, ulizia faili

Picha ya skrini iwe kimbilio la mwisho. Ikiwa faili ya PowerPoint yenyewe inapatikana, bofya chati kwa kitufe cha kulia cha kipanya kisha uchague `Edit Data`. Mara nyingi karatasi ya Excel iliyozaa chati itafunguka ikiwa na namba zote kamili. Ikiwa kuna nakala ya PDF, jaribu kuchagua maandishi ya jedwali na kuyanakili, kwa sababu mara nyingi bado ni maandishi na hayajageuzwa kuwa picha.

Inafaa pia kufahamu lebo huzaliwaje, maana ndiyo njia tutakayoirudia kinyumenyume. Ndani ya seli ya Excel namba inaweza kuwa na tarakimu nane. Mtengenezaji akiipa muundo wa `0.0,,` seli itaonyesha mamilioni kwa nafasi moja ya desimali, kwani kila mkato unaondoa tarakimu tatu machoni. Namba kamili inabaki ndani. Ukiipiga picha, ile ya ndani imebaki kule na wewe umeondoka na sura yake tu.

Kama faili haipatikani, angalau omba picha ambayo haijabanwa. Picha ikitumwa kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida hupunguzwa ubora, na kingo za tarakimu huanza kufifia. Ikitumwa kama waraka hufika kama ilivyotoka.

Kusoma bila kusahihisha

Hatua ya kwanza ya kazi yenyewe ni kunakili kilichoandikwa, tarakimu kwa tarakimu, bila kurekebisha chochote. Excel za sasa zina amri ya kusoma jedwali kutoka kwenye picha, katika menyu ya `Data`, chini ya `From Picture`. Inaokoa muda, ila isiaminiwe bila kukaguliwa. Picha ikiwa na ukungu, 8 inasomwa kama 3 au 6, 1 inasomwa kama 7, na nukta ya desimali inapotea kabisa hadi 59.9 inakuwa 599. Mtu wa pili akisoma picha ileile bila kuona alichoandika wa kwanza, kisha orodha mbili zikalinganishwa, makosa mengi ya aina hii hujitokeza.

Nukta na mkato navyo vinahitaji jicho. Tanzania na Kenya tunaandika 1,889,773 na 1.9. Kwa wenzetu wa Kongo na Burundi, wanaofuata mtindo wa Kifaransa, 1,9 ni moja na sehemu tisa za kumi, na maelfu hutenganishwa kwa nafasi tupu. Slaidi ya Bujumbura ikifunguliwa Arusha bila kuliangalia hilo, namba inaweza kukua mara kumi au mara elfu.

La muhimu katika hatua hii ni kuizuia ile hamu ya kusahihisha. Mwaka 2002 nako, 33.5 na 1.0 zinatoa 34.5, ilhali lebo ni 34.4. Andika 34.4. Ukiigeuza sasa, utakuwa umeufuta ushahidi kabla ya kuutumia.

Lebo inataja eneo

Sasa tunafika kwenye kiini cha jambo. Namba ikishafupishwa hadi nafasi moja ya desimali, lebo yake haitaji tena kiasi kimoja. Inataja eneo. Lebo ya 59.9 inaweza kuwa imetoka kwenye namba yoyote kuanzia milioni 59.85 hadi karibu na 59.95. Ya 1.9 inaweza kutoka kuanzia 1.85 hadi karibu na 1.95. Ya 61.7 inaweza kutoka kuanzia 61.65 hadi karibu na 61.75. Kila eneo lina upana wa watu laki moja.

Lakini maeneo haya matatu hayako huru. Bara na Zanzibar lazima zijumlike kuwa jumla. Chukua viwango vya chini kabisa vya zote mbili: 59.85 na 1.85 zinatoa 61.70. Kwa hiyo jumla haiwezi kuwa chini ya 61.70. Nusu ya chini ya eneo lake imeondoka, na imebaki kuanzia 61.70 hadi 61.75.

Sasa rudi nyuma. Ikiwa jumla haifiki 61.75, na Zanzibar si chini ya 1.85, basi Bara haifiki 59.90. Kwa hoja hiyohiyo Zanzibar haifiki 1.90. Kila eneo limepungua kutoka upana wa laki moja hadi elfu hamsini, na kilicholipunguza ni ile tofauti iliyotutia shaka mwanzoni. Lebo zingejumlika vizuri tusingepata faida hii. Mwaka 2012 ni mfano: Bara 43.6 na Zanzibar 1.3 zingeendana bila shida na jumla ya 44.9, na lebo hiyo, hata ingeonekana, isingebana upande wowote wa Bara wala Zanzibar.

Kwa 2002 hesabu ni ileile. Bara inabaki kati ya 33.45 na 33.50, Zanzibar kati ya 0.95 na 1.00, na jumla kati ya 34.40 na 34.45. Tayari tunajua jambo ambalo slaidi haikulisema wazi: mwaka 2002 Zanzibar ilikuwa haijafika watu milioni moja, ingawa lebo yake inasomeka 1.0.

Hapa msomaji makini atauliza: tutajuaje kwamba tofauti imetokana na kufupisha, na si kosa la kweli? Kuna kipimo. Sehemu zikiwa mbili na jumla moja, kila namba kati ya hizo tatu inaweza kupotoka kwa 0.05 tu, kwa hiyo tofauti inayoonekana haiwezi kuzidi 0.1. Ukiona 0.2, kufupisha peke yake hakutoshi kuieleza. Ama tarakimu imesomwa vibaya, ama kuna kundi ambalo halikuonyeshwa kwenye jedwali, ama mwenye slaidi alichanganya vyanzo viwili.

Swali jingine ni kama mwenye slaidi alifupisha kwa kanuni tuliyofundishwa shuleni, ya kupandisha kuanzia nusu, au alikata tu tarakimu za mwisho. Watu hukata pia, hasa wanapoandika lebo kwa mkono. Jibu limo kwenye slaidi yenyewe. Anayekata huwa anashusha daima, kwa hiyo sehemu zake zilizokatwa zikijumlishwa haziwezi kuizidi jumla iliyokatwa. Kwetu sehemu zimetoa 61.8 na jumla ni 61.7. Sehemu zimezidi. Basi hakukukatwa, kulifupishwa kwa kanuni ya kawaida, na maeneo tuliyochora ni halali.

Asilimia inabana zaidi

Mstari wa mwisho wa jedwali unaonekana kama pambo, lakini ndio wenye nguvu kuliko yote. Unasema mwaka 2022 Zanzibar ilikuwa asilimia 3.1 ya jumla. Nayo ni eneo: kuanzia asilimia 3.05 hadi 3.15.

Jumla ni angalau milioni 61.70. Asilimia 3.05 ya 61.70 ni takriban 1.882. Basi Zanzibar, ambayo tulijua iko kati ya 1.85 na 1.90, sasa iko kati ya 1.882 na 1.900. Tumetoka upana wa elfu hamsini hadi elfu kumi na nane.

Mara tu Zanzibar inapopanda, wengine wanasogea nayo. Bara ni jumla toa Zanzibar. Jumla haifiki 61.75 na Zanzibar si chini ya 1.882, hivyo Bara haifiki 59.868. Na jumla haiwezi kuwa chini ya 59.85 jumlisha 1.882, yaani 61.732. Ukirudia mzunguko mara ya pili maeneo yanapungua kidogo sana, na hapo ndipo pa kuachia. Tumepata:

| 2022 | Chini | Juu |
|---|---|---|
| Bara | 59,850,000 | 59,868,000 |
| Zanzibar | 1,882,000 | 1,900,000 |
| Jumla | 61,732,000 | 61,750,000 |

Kwa 2002, asilimia 2.9 inaipandisha Zanzibar hadi angalau 980,000, huku kikomo chake cha juu kikibaki 1,000,000. Kwa 2012 hatuna lebo ya jumla, ila Bara na Zanzibar zinaiweka jumla kati ya 44.80 na 45.00. Asilimia 2.85 ya kiwango cha chini na 2.95 ya kiwango cha juu zinaiacha Zanzibar kati ya 1,276,000 na 1,328,000. Eneo hili ni pana kuliko mengine, na ni haki liwe hivyo, kwa sababu mwaka huo tuna ushahidi mchache.

Nguzo isiyo na lebo

Lebo iliyofunikwa ndiyo inayowapeleka watu kwenye kupima nguzo. Kazi hii haihitaji programu ya gharama. Fungua picha katika Paint, weka kishale juu ya mstari wa sifuri wa chati, na usome namba ya piseli inayoonekana pembeni chini. Kisha fanya hivyohivyo kwenye mstari mwingine unaojua thamani yake. Kwenye picha yetu mstari wa sifuri uko piseli ya 620 kutoka juu, na mstari wa milioni 60 uko piseli ya 140. Kati yao kuna piseli 480 kwa watu milioni 60, yaani piseli 8 kwa kila milioni. Ncha ya nguzo ya 2012 iko piseli ya 261. Kanuni ni hii:

```
= 60 * (620 - 261) / 480
```

Jibu ni 44.875. Ni rahisi kuiandika namba hiyo kwenye jedwali kana kwamba imepimwa hadi mtu wa mwisho, lakini piseli moja ni watu 125,000, na ncha ya nguzo inaweza kusomwa piseli moja juu au chini. Kipimo chetu kinasema tu kwamba jumla iko kati ya 44.75 na 45.00. Jedwali lilikwisha kutupa 44.80 hadi 45.00 bila kupima chochote. Kwa mwaka huu nguzo haikutuongezea kitu zaidi ya kuthibitisha.

Hilo ndilo jambo la kushika kuhusu piseli. Lebo yenye nafasi moja ya desimali hapa inapotoka kwa elfu hamsini upande mmoja. Piseli inapotoka kwa zaidi ya mara mbili ya hapo. Palipo na lebo, lebo ndiyo shahidi bora. Na kwa nguzo fupi hali huwa mbaya zaidi. Kama Zanzibar ingechorwa kwenye chati hii, nguzo yake ya 2022 ingekuwa na urefu wa piseli 15 tu, na kosa la piseli moja lingekuwa karibu asilimia 7 ya thamani yote.

Kazi halisi ya nguzo ni kuikagua lebo. Excel na PowerPoint zinaruhusu lebo iandikwe kwa mkono, au ichukuliwe kutoka seli nyingine kwa chaguo la `Value From Cells`. Lebo ya namna hiyo haijafungwa kwenye urefu wa nguzo. Data ikisahihishwa baadaye, nguzo itasogea na lebo iliyoandikwa kwa mkono itabaki na namba ya zamani. Ncha ya nguzo yetu ya 2022 iko piseli ya 126, sawa na 61.75, na inakubaliana na lebo ya 61.7. Kama mtu angekuwa amepindua tarakimu akaandika 67.1, nguzo ingekuwa fupi kwa piseli zipatazo 43 kuliko lebo inavyodai, na jicho tu lingetosha kuona. Lakini piseli haziwezi kuamua kati ya 61.7 na 61.8. Tofauti hiyo ni chini ya piseli moja.

Pima daima kwa mistari miwili yenye thamani zinazojulikana, wala usichukulie kwamba chini ya nguzo ni sifuri. Wengi huanzisha mhimili kwenye 30 au 40 ili tofauti zionekane kubwa. Kanuni ya mistari miwili inafanya kazi hata hapo. Nguzo zilizochorwa kwa umbo la pande tatu ni habari nyingine: ncha yake haiko usawa mmoja na mistari ya mhimili, na vipimo vyake havifai kuandikwa.

Basi lebo iliyofunikwa iwe ngapi? Inaweza kuwa 44.8, 44.9 au 45.0. Sehemu mbili zilizofupishwa, ikiwa tarakimu zilizopotea zimetawanyika bila upendeleo, hujumlika sawasawa na jumla iliyofupishwa mara tatu kati ya nne. Kwa hiyo 44.9 ndiyo yenye nafasi kubwa. Iandike, lakini iwekee alama kwamba imekokotolewa na haikusomwa.

Kulijenga jedwali upya

Sasa tuna maeneo, ila chati mpya inahitaji namba moja kwa kila seli. Wengi huchukua katikati ya kila eneo. Hebu tuone. Katikati ya Bara 2022 ni 59,859,000, na katikati ya Zanzibar ni 1,891,000. Jumla yake ni 61,750,000, ambayo ikifupishwa inakuwa 61.8. Slaidi ilisema 61.7. Chati yetu mpya ingeikana ile ya zamani.

Sababu ni kwamba maeneo hayo yamefungamana. Bara ikiwa juu katika eneo lake, Zanzibar inalazimika kuwa chini. Kwa hiyo chagua Bara na Zanzibar kwa pamoja, uache jumla na asilimia zikokotolewe kwa kanuni, kisha uone kama lebo zote nne zinarudi. Chukua thuluthi ya njia kutoka chini badala ya nusu: Bara 59,856,000 na Zanzibar 1,888,000. Jumla inakuwa 61,744,000 na sehemu ya Zanzibar ni asilimia 3.06. Zikifupishwa zinatoa 59.9, 1.9, 61.7 na 3.1. Zote nne zimerudi.

Katika Excel weka Bara kwenye `B2`, Zanzibar kwenye `B3`, na lebo ulizozisoma kwenye picha katika safu ya `C`. Zilizobaki ni kanuni:

```
B4:  =B2+B3
B5:  =B3/B4
D2:  =ROUND(B2/1000000,1)=C2
D5:  =ROUND(B5*100,1)=C5
```

Kanuni ya `D2` ishushwe hadi `D4`. Kila seli ya `D` inayosema `TRUE` ni lebo iliyorudi. Moja ikisema `FALSE`, jedwali bado halijakamilika. Kwa lebo za chati mpya usiandike 61.7 kwa mkono. Weka namba kamili kwenye seli, uzipe lebo muundo wa `0.0,,` na asilimia muundo wa `0.0%`, ili lebo na nguzo zitoke kwenye chanzo kimoja na mtu wa baadaye akibadilisha moja, nyingine imfuate.

Ongeza safu nyingine tatu pembeni: kiwango cha chini, kiwango cha juu, na asili ya namba, kama imesomwa, imekokotolewa au imepimwa kwa piseli. Bila safu hizo, anayepokea faili yako ataona 59,856,000 na kudhani ni hesabu ya sensa. Si hesabu ya sensa. Ni namba moja kati ya nyingi zinazoafikiana na picha.

Tumekaribia kiasi gani?

Matokeo yaliyotangazwa ya sensa ya 2022 ni Bara 59,851,347, Zanzibar 1,889,773, na jumla 61,741,120. Zote tatu zimo ndani ya maeneo yetu. Namba tulizozichagua zimepotoka kwa watu 4,653 kwa Bara, 1,773 kwa Zanzibar na 2,880 kwa jumla, kutoka kwenye lebo ambazo kila moja iliruhusu kosa la elfu hamsini. Jumla ya 2012 ilikuwa 44,928,923, kwa hiyo lebo iliyofunikwa ilikuwa kweli 44.9. Na Zanzibar ya 2002 ilikuwa na watu 981,754: haikuwa imefika milioni, kama tulivyoona.

Faida yake inaonekana tunapouliza swali la maana kwa mipango ya shule, maji na hospitali: je, ongezeko la watu Zanzibar limeharakisha? Anayegawanya lebo moja kwa moja atapata ongezeko la asilimia 30 kati ya 2002 na 2012, na asilimia 46 kati ya 2012 na 2022. Takwimu kamili zinatoa 32.8 na 45.0. Lebo zimeikuza kasi hiyo, kwa sababu 1.0 ilipandishwa na 1.9 pia ilipandishwa. Maeneo yetu yanasema kwa uangalifu zaidi: muongo wa kwanza uko kati ya asilimia 27 na 36, wa pili kati ya 41 na 49. Hayagusani. Kwa hiyo tunaweza kuandika bila wasiwasi kwamba ongezeko limeharakisha, tukiwa na picha peke yake mkononi. Tusichoweza kuandika ni kwamba limeharakisha kwa asilimia fulani kamili.

Kuna kitu kimoja ambacho hesabu hizi haziwezi kukirudisha. Sensa ya Kenya ya 2019 ilihesabu wanaume 23,548,056, wanawake 24,014,716 na huntha 1,524, jumla watu 47,564,296. Ziweke kwenye slaidi ya mamilioni na utapata 23.5, 24.0, 0.0 na 47.6. Sehemu zinatoa 47.5, na tofauti ya 0.1 inaelezeka kwa kufupisha. Lakini lebo ya 0.0 inataja eneo kuanzia sifuri hadi karibu elfu hamsini, na hakuna jumla wala asilimia itakayolibana eneo hilo hadi watu 1,524 waonekane. Anayejenga upya jedwali kama hilo asijaze sifuri kwenye seli yao. Aandike "chini ya 50,000" na autafute waraka wa sensa, kwa sababu hao ni watu waliohesabiwa, na sifuri ingesema hawakuwepo.